Shahada Yako Ikae Wapi Kwenye Wasifu?

MEZA YA AJIRA
Na Mwajuma Kitwana

Ukitaka kujua Mtanzania alisoma shule gani ya msingi, usimuulize. Omba wasifu wake wa kazi. Utaikuta ukurasa wa kwanza, pamoja na mwaka alioanza darasa la kwanza, chini kidogo ya dini na hali ya ndoa. Kama alifika chuo kikuu, safari yote ya kutoka darasa la kwanza hadi mahafali inameza nusu ya ukurasa, na kazi anayoifanya leo, ambayo ndiyo ingemfanya aitwe kwenye usaili, inasubiri upande wa pili wa karatasi.

Nadhani tuliurithi mpangilio huu kwenye fomu. Fomu nyingi za ofisini humfuata mtu kwa mpangilio wa maisha yake: ulizaliwa lini, ulisoma wapi, uliajiriwa lini. Zina haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa zitakaa kwenye jalada lako mpaka ustaafu. Lakini wasifu unaouambatanisha na barua ya maombi unasomwa na mtu mwenye rundo mezani na tangazo moja kichwani. Anatafuta sababu ya kukuweka kwenye kundi la watakaoitwa, na anaanza kuitafuta juu ya ukurasa wa kwanza.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: elimu ianze au uzoefu uanze? Wengi wanataka niwape idadi ya miaka, kwamba ukimaliza mitatu kazini basi shahada ishuke. Miaka peke yake haiamui. Kinachoamua ni kipi kati ya viwili hivyo kinaonyesha vizuri zaidi kwamba kazi hii, iliyo kwenye tangazo hili, unaiweza. Tumchukue mhasibu wa kubuni, mfano wa wengi ninaowasoma, tumfuate hatua kwa hatua.

Alimaliza shahada ya uhasibu na fedha Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2018. Mwaka 2019 akapata kazi ya mhasibu msaidizi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Tangu Machi 2021 ni mhasibu wa kampuni inayosambaza pembejeo. Mwaka 2023 akafaulu mitihani ya mwisho ya NBAA. Sasa ameona tangazo la SACCOS moja inayotafuta mhasibu mwenye shahada ya uhasibu au fedha, uzoefu usiopungua miaka mitatu, anayejua programu za kompyuta za uhasibu; CPA(T) itakuwa sifa ya ziada.

Wasifu wake unaanza na taarifa binafsi, mistari minane. Halafu lengo lake maishani. Halafu elimu, kuanzia shule ya msingi hadi Mzumbe. Ukurasa wa pili unafunguliwa na semina, na chini ya kichwa cha “Mafunzo Mengine”, baada ya kozi ya udereva, ndipo ilipojificha mitihani ya NBAA. Uzoefu unafuata, nao umeanza na duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ndilo lililotangulia. Kazi ya sasa imepewa mstari mmoja: “Mhasibu, 2021 hadi sasa.”

Jiweke kwenye kiti cha meneja wa SACCOS. Shahada ameiweka kama mlango: asiye nayo hapiti. Ina maana kila atakayebaki mezani anayo. Ukiitandaza nusu ya ukurasa, umemwonyesha kitu alichokwisha kukiona kwa wenzako wote. Kinachowatenganisha waliobaki ni nani amefunga hesabu za mwezi mwenyewe, nani amewahi kuulizwa maswali na wakaguzi wa nje akawa na majibu. Hayo yote ya kijana wetu yako ukurasa wa pili, tena kwa mstari mmoja.

Tukiupanga upya, jina, simu, barua pepe na mji anaoishi vinakaa mistari miwili. Chini yake muhtasari wa sentensi mbili au tatu: mhasibu mwenye shahada, aliyefaulu mitihani ya mwisho ya NBAA mwaka 2023, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka mitatu kwenye biashara yenye matawi. Kisha uzoefu, ukianza na wa sasa. Cheo, mwajiri, miezi na miaka, halafu alichofanya: anafunga hesabu za mwezi za matawi matatu, anaandaa ritani ya kodi ya ongezeko la thamani na kuiwasilisha TRA kabla ya tarehe 20, anakusanya nyaraka za wakaguzi wa nje kila mwaka, anatumia Tally. Duka la vifaa vya ujenzi linafuata kwa mistari miwili. Baada ya hapo ndipo “Taaluma na Elimu”: NBAA juu, Mzumbe chini yake, kidato cha sita na cha nne mstari mmoja mmoja. Shule ya msingi inapumzika.

Angalia kilichotokea kwa elimu yake. Imegawanyika. Mitihani ya NBAA imepanda hadi kwenye muhtasari kwa sababu tangazo limeitaja na si kila mwombaji anayo, shahada imeshuka. Watu wengi hudhani elimu ni fungu moja lisilogawanyika, ambalo likihama lihame lote, ndiyo maana wanaogopa kulishusha. Muuguzi mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anaweza kuitaja kwenye mstari wa pili wa karatasi, na chuo alichosomea kikabaki chini. Mhandisi aliyesajiliwa na ERB vivyo hivyo. Ila andika hali halisi: kufaulu mitihani ni jambo moja, kusajiliwa na bodi ni jingine, na kwenye usaili utaombwa cheti.

Sasa turudishe saa hadi mwishoni mwa mwaka 2018. Kijana yuleyule, ana shahada tu na wiki nane za fildi kwenye ofisi ya halmashauri. Hapo elimu inakaa juu bila ubishi, maana ndiyo ushahidi wake mkubwa. Lakini asiishie kuandika jina la chuo na mwaka. Ataje daraja la shahada kama ni zuri, mada ya utafiti wake kama inagusa kazi anayoomba, na masomo mawili matatu yanayohusika. Fildi ipewe kichwa chake mara tu baada ya elimu, ielezwe kama kazi: alilinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, aliandaa hati za malipo. Nimeona wahitimu wanaofungua wasifu kwa kichwa kikubwa cha “Uzoefu wa Kazi”, chini yake kuna fildi peke yake. Msomaji anasoma kichwa, anatarajia ajira, anakuta wiki nane. Afadhali angeanza na elimu, fildi ingeonekana kama nyongeza nzuri.

Elimu ishuke lini basi? Kwa mhasibu wetu, ni pale alipopata kazi ambayo kuieleza kunamjibu mwajiri anayefuata vizuri kuliko cheti. Akiwa na miezi mitano tu dukani ningemwacha na shahada juu. Akishafunga hesabu za mwaka mzima, ningeishusha.

Kuna kundi ambalo kanuni ya miaka huliumiza vibaya. Ni mhitimu wa kilimo wa mwaka 2020 aliyekosa ajira, akafanya uwakala wa huduma za kifedha kwa simu miaka minne, na sasa anaomba uafisa ugani. Aliambiwa uzoefu hutangulia, naye akatii. Ukurasa wake wa kwanza ni kibanda cha uwakala, na anayesoma anajiuliza kama bahasha imekosea mlango. Huyu elimu yake ibaki juu hata kama vumbi la mahafali lilishatulia. Chini yake aandike “Uzoefu Unaohusiana na Kilimo”: fildi, shamba darasa alilojitolea, bustani ya mboga anayoilima na kuuza kama kweli anailima. Uwakala uwekwe chini, kwenye “Kazi Nyingine”, kwa mistari miwili. Asiufute. Miaka minne iliyo wazi inazua maswali kuliko kibanda, na kushika fedha za watu kila siku bila kasoro ni jambo ambalo mwajiri yeyote huliheshimu.

Elimu iliyoshuka inaweza pia kupanda tena. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka kumi darasani, aliyesoma jioni akapata shahada ya ununuzi na ugavi, akiomba kazi ya ugavi aweke shahada mpya juu ya ualimu. Akianza na ualimu ataonekana mwalimu. Ila ndani ya ule ualimu atafute yanayohusika, kama alikuwa kwenye kamati ya manunuzi ya shule au alitunza stoo, ayapandishe yawe mistari ya kwanza chini ya kazi hiyo. Na anayeomba uhadhiri msaidizi chuoni aanze na elimu hata akiwa na miaka kumi ya ofisi, kwa kuwa kule mchujo huanza na madaraja ya shahada.

Utajuaje kwamba mpangilio wako unakuangusha? Dalili moja ni maswali ya usaili. Ukiwa na miaka mitano kazini halafu jopo linakuuliza kwa kirefu kuhusu chuo, basi hicho ndicho ulichowaonyesha kwanza. Dalili nyingine ni simu unazopigiwa: ukiitwa kwenye nafasi za kujitolea na za wanafunzi wa fildi ilhali umeomba nafasi ya mhasibu, inawezekana mtu amesoma nusu ya juu ya karatasi yako na kukata shauri. Ifunike nusu ya chini kwa daftari, umpe jirani asome iliyobaki, umuulize huyu anafanya kazi gani. Akijibu “amesoma Mzumbe,” panga upya.

Kwa serikalini kuna tofauti mbili. Ukiomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, taarifa unazijaza kwenye sehemu zilizokwisha kupangwa, hapo huna la kuhamisha. Uhuru wako uko kwenye wasifu unaouambatanisha. Pia matangazo ya serikali hutaka vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kwa hiyo mistari hiyo miwili usiifute hata ukiwa na shahada ya uzamili. Iache chini kabisa ya fungu la elimu, juu tu ya wadhamini. Majina na miaka vilingane na vyeti herufi kwa herufi. Aliyebadili jina baada ya kuolewa aambatanishe hati ya kiapo au cheti cha ndoa, maana mhakiki hana namna ya kujua kwamba hao wawili ni mtu mmoja.