Ukungu kwenye nyumba ya kupanga: onyesha kwanza maji yametoka wapi

Wengi mmezoea kunisoma hapa kuhusu mahindi, migomba na kahawa. Leo naingia ndani ya nyumba, tena nyumba ya kupanga, kwa sababu kila masika napata swali lile lile kutoka Tarime mjini, Sirari, Nyamongo hadi Mugumu. Ukuta umelowa, ukungu mweusi umeota, magunia yaliyoegemea ukuta yameharibika, na baba mwenye nyumba anasema mpangaji ndiye aliyeleta unyevu na atalipia lipu na rangi kabla ya kuhama. Mpangaji naye anasema nyumba ni mbovu. Wanabishana mpaka kiangazi, ukuta unakauka, kisha mvua zinarudi na ubishi nao unarudi.

Msimamo wangu ni huu: mtu yeyote asilipishwe hata debe moja la rangi mpaka ionekane maji yametoka wapi. Maji yakitoka ardhini au kwenye bati, ni ya mwenye nyumba. Yakitoka kwenye maisha ya mle ndani, ni ya mpangaji. Jambo hili linapimika kwa vitu vya dukani.

Nianze na upande ambao wapangaji hawapendi kuusikia, maana mara nyingine mwenye nyumba ana haki. Chukua gunia la mahindi la kilo 100 lililoletwa kutoka shamba likiwa na unyevu wa asilimia 18. Mpaka likauke kufikia asilimia 13 inayofaa kuhifadhi, litakuwa limepoteza karibu kilo 6 za maji, yaani karibu lita 6. Magunia matatu ni zaidi ya lita 17. Kama yanakaukia ndani ya chumba unacholala, maji hayo yanaingia kwenye hewa ya chumba. Ongeza pumzi za watu wanne usiku kucha, maharage yanayochemka ndani kwa sababu nje kuna mvua, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba juu ya kitanda. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya Tarime. Hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukungu unaota hapo hapo.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, pima mahindi yako siku unayoyaingiza. Weka mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha acha yatulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayajafikia kulala ndani. Isipoganda, piga picha chupa hiyo siku hiyo hiyo. Picha hiyo itakufaa siku ukiambiwa magunia yako ndiyo yaliyolowesha nyumba.

Sasa ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za kupangisha huku kwetu zimejengwa kwa tofali za kuchoma juu ya msingi wa mawe, na nyingi hazikuwekewa nailoni kati ya msingi na ukuta. Tofali la kuchoma linanyonya maji kama mkate unavyonyonya chai. Udongo wa nje ukilowa, maji yanapanda kwenye tofali na mara nyingi yanaishia chini ya mita moja kutoka sakafuni. Pale yanapoishia utaona mstari na unga mweupe kama magadi, ambao ni chumvi za udongo na za tofali zilizobaki baada ya maji kukauka. Rangi inavimba na lipu inabanduka kwa vipande. Jasho la chumba haliachi unga huo mweupe. Lenyewe linaleta madoadoa meusi, zaidi kwenye pembe za juu, nyuma ya kabati na nyuma ya magunia yaliyobanwa ukutani. Bati linalovuja linajionyesha kwa alama ya kahawia iliyoanzia juu, inayopanuka kila baada ya mvua. Mara nyingi ukipanda utakuta msumari umepigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni.

Pale macho yanapobishana, tumia nailoni. Nunua ile nailoni angavu ya kujaladia madaftari na selotepu pana. Futa ukuta kwa kitambaa mpaka uso wake uwe mkavu, weka kipande cha ukubwa wa daftari, kisha ziba pande zote nne hewa isipite. Acha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ukuta hauna kosa, hewa yako ndiyo imelowa. Weka kipande kimoja chini na kingine juu, maana chumba kimoja kinaweza kuwa na magonjwa mawili. Kipimo hiki kina mipaka yake: hakikuambii kama maji ya ukutani yametoka ardhini au yameshuka kutoka kwenye bati, na ukikifanya kiangazi hakitakuonyesha kitu. Fanya wakati mvua zinanyesha, na mwite baba mwenye nyumba, au mtu wake, aone unavyobandika na aone unavyobandua.

Nikupe kisa kimoja. Mpangaji mmoja, mama anayeuza nguo gulioni, alikuwa na vyumba viwili Tarime mjini na magunia matatu ya mahindi ya shambani kwake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa chini, na pembe ya juu ya kitanda ilikuwa nyeusi. Mwenye nyumba alitaka alipie lipu na rangi ya ukuta mzima. Tulibandika nailoni mbili. Ya chini ilitoka na matone nyuma yake. Ya juu ilitoka na matone usoni.

Kisha tukapima jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Tulichukua futi tukapima kutoka kizingiti cha chini cha dirisha hadi sakafuni: sentimita 110. Tukatoka nje tukapima kutoka kizingiti kile kile hadi ardhini: sentimita 95. Maana yake udongo wa nje ulikuwa juu ya sakafu yake kwa sentimita 15. Miaka mingi ya kufagia uwanja, kumwaga majivu na kufulia nyuma ya nyumba ilikuwa imeinua ardhi mpaka ikaupita msingi. Kwa kawaida ingetakiwa iwe kinyume, ardhi iwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15, yaani futi isome 125 au zaidi. Mbaya zaidi, bati halikuwa na mfereji, hivyo maji yote ya paa yaliangukia hapo na kuurukia ukuta.

Mbele ya mwenyekiti wa mtaa mambo yaligawanyika kirahisi. Ukuta wa chini ulikuwa wa mwenye nyumba, na hata jirani wa chumba cha pili, asiye na gunia hata moja, alikuwa na unga mweupe kwa kimo kile kile. Pembe ya juu ilikuwa ya mama. Aliiosha kwa maji na sabuni, akanunua rangi ya pembe hiyo tu, akaweka magunia juu ya chaga mbali na ukuta, akaanza kufungua dirisha asubuhi na kupikia barazani. (Hilo la jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa liache hata kama huna ukungu. Moshi wake usioonekana unaua.) Mzee mwenye nyumba alitoa vibarua wakashusha udongo na kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Lipu aliikataa mwaka huo, na katika hilo nilikuwa upande wake. Ukuta uliolowa hukauka kwa miezi, si kwa siku. Ukipiga lipu ya saruji juu yake unayafungia maji ndani, nayo yanatafuta njia ya kupanda juu zaidi. Ndiyo maana ile rangi mpya ya kila mwaka haidumu.

Sheria nayo si bubu. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba ya kuishi aikabidhi ikiwa inafaa kukaliwa na binadamu na aiweke hivyo muda wote wa upangaji. Pale unapopanga sehemu tu ya jengo, kama vyumba vyetu vingi, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni jukumu lake. Kifungu cha 89 kinakubana wewe mpangaji uitunze nyumba na uirudishe katika hali uliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Nakushauri usijikatie kodi kwa hasira, kwa sababu ukiacha kulipa unahamisha kesi kutoka kwenye ukuta wake kwenda kwenye deni lako.

Badala yake andika. Chora kwa penseli mpaka wa maji ukutani, andika tarehe pembeni, rudia baada ya kila mvua kubwa, na piga picha futi ikiwa imesimama kando ya alama. Kisha peleka barua fupi na ubaki na nakala: "Mzee shikamoo. Ukuta wa nyuma umelowa kwa kimo cha sentimita 60 tangu mvua za mwezi wa tatu. Udongo wa nje uko juu ya sakafu kwa sentimita 15. Naomba tuonane Jumamosi tuuangalie pamoja na mwenyekiti." Barua ya namna hiyo haimtukani mtu, na ni vigumu kuijibu kwa maneno matupu. Mkishindwa kwa mwenyekiti, nendeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu. Suluhu ikishindikana linakupa hati ya kuonyesha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea mbele, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko picha zenye tarehe na futi zinakofanya kazi.

Na kama bado unatafuta chumba na unakaribia kutoa kodi ya miezi sita, nenda na futi mfukoni. Pima dirisha ndani, pima nje. Angalia nyuma ya nyumba maji ya kufulia yanakwenda wapi, na papasa ukuta wa chini nyuma ya mlango, mahali ambapo rangi mpya huwa haifiki vizuri. Ukikuta unga mweupe, mwambie akushushie udongo kwanza, ndipo mzungumze kodi.