Nyongeza ya Mshahara Si Abaya Mpya

Leo nasema bila kuzunguka, na nikimgusa mtu anisamehe.

Kila mishahara ikipanda, maduka ya Chake Chake hujua kabla yetu. Mwaka 2022 kima cha chini cha watumishi wa serikali ya Zanzibar kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Hiyo ni 47,000 kwa mwezi kabla ya makato, zaidi ya nusu milioni kwa mwaka. Kila mmoja ajiulize: nyongeza yangu ya mwisho imeacha nini ndani ya nyumba?

Sisi Wapemba tunajua kushika pesa. Pesa ya karafuu ikija huja kwa mkupuo, na mzee huiona: hii bati, hii ada, hii arusi. Nyongeza ya mshahara haina msimu. Huingia kidogo kidogo, ikajichanganya na mshahara wa zamani, na mwezi wa tatu hakuna anayeikumbuka. Ndiyo maana inaliwa.

Shoga yangu mmoja, mwalimu wa Wete, alipata nyongeza ya 40,000 mkononi, miezi minane kabla ya arusi yake. Alichukua abaya mbili kwa kukopa, 15,000 kila mwezi. Akalipia king'amuzi nyumbani kwao, 20,000 kila mwezi. Zikabaki 5,000, zikaishia kwenye bando. Hakununua kitu kibaya hata kimoja. Kosa lake ni kwamba alinunua vitu vinavyomdai kila mwezi.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema "nimehangaika, acha nijifurahishe." Jifurahishe, nani kakukataza? Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, aya ya 67, anawasifu wasiofanya israfu wala ubakhili, wanaokaa katikati. Lakini kuna raha inayokwisha na raha inayodai. Udi, kanga mpya, samaki mzuri wa Ijumaa: ukinunua leo, mwezi ujao uko huru. Deni la nguo na kifurushi cha kila mwezi havikuachi. Nyongeza ikipanda, starehe yako iwe ile unayoweza kuiacha kesho bila kumuomba mtu radhi.

Baya zaidi ni mkopo. Mshahara ukipanda, unaambiwa sasa unastahili kuongezewa mkopo juu ya ule wa zamani. Mtu anachukua, na nyongeza ya miaka mitatu inayokuja anaitumia ndani ya wiki moja, tena kwa riba. Karatasi ya mshahara itakuonesha: juu pameongezeka, kwenye makato pameongezeka, chini pako palepale.

Tuligawa upya zile 40,000. Kwanza alimaliza deni la abaya na kufunga king'amuzi. Ilichukua miezi miwili. Kisha 20,000 ikawa ya lengo, ikihamishwa siku ileile mshahara unapoingia, kwenda akaunti nyingine ya PBZ Ikhlas, upande wa benki usio na riba, ambayo haichezei kwa simu. Shilingi 10,000 ilikwenda kwa mama yake na sadaka. Shilingi 10,000 ikawa raha yake, haulizwi. Kwa miezi sita iliyobaki alikusanya 120,000. Si nyingi, lakini vyombo vyake vya jikoni aliingia navyo kwa mume bila deni.

Anayependa mchezo wa kupeana pia sawa: wanawake kumi kwa 20,000 ni 200,000 kwa zamu. Ila jiulize ni nani waliomo. Aliyekwisha kupokea mwanzo akitoroka, wa mwisho ndiye analia.

Najua nitaambiwa bei za mchele na mafuta zimekwisha kuila nyongeza. Kwa wengine ni kweli. Basi kabla ya kugawa, andika mwezi mmoja unachotumia jikoni. Ikiwa ulikuwa unakopa dukani kufika mwisho wa mwezi, ziba pengo hilo kwanza. Kinachobaki ndicho nyongeza yako halisi, hata kiwe 12,000. Gawa hiyo nusu kwa nusu.

Na wewe bibi arusi, kumbuka mshahara wako ni wako kisheria ya dini, na nafaka ni juu ya mume. Ukimsaidia ni ihsani yenye thawabu. Lakini ukianza ndoa kwa kuifanya nyongeza yako yote kuwa mboga na kodi, baadaye ukitaka kuweka akiba itaonekana umepunguza mapenzi. Semeni mapema, kabla ya mshahara wa kwanza wa ndoa: hiki cha nyumba, hiki changu cha lengo.

Abaya ya mwaka huu mwakani itakuwa imepauka. Angalia karatasi yako ya mshahara leo, uone nyongeza yako imelala kwa nani.