Kabla ya kukodi fremu Handeni, jaza Canter kwanza

KAUNTA YA BIASHARA
Na Rehema Mhando

Mfanyabiashara wa jumla wa Korogwe akishapata nguvu kidogo, jambo la kwanza analowaza ni tawi Handeni. Anatafuta fremu Chanika, analipa kodi ya miezi sita, anapaka rangi, anaandika jina ukutani na kukodi gari la matangazo lizunguke mjini siku mbili. Watu wanasikia, wanapita kuchungulia, wanachukua kadi. Mwezi wa tatu mzigo umekaa stoo, mlinzi anadai mshahara, na wenye maduka ya rejareja bado wananunua kulekule walikokuwa wakinunua.

Maoni yangu ni kwamba mpangilio huu umegeuzwa. Peleka mzigo kwanza, fremu ije baadaye. Tangazo la kwanza liwe siku ya gari, bei na saa ya mwisho ya oda, apelekewe mwenye duka mezani kwake, na oda iandikwe hapohapo.

Njia hii imewahi kujaribiwa na wakubwa. Mwaka 1999 Coca-Cola Sabco walianza nchini Ethiopia mtindo wa vituo vidogo vya usambazaji vinavyopeleka kreti kwa mkokoteni, kisha wakauleta Tanzania. Kituo hakikufunguliwa kwa kubahatisha. Walianza na hesabu ya maduka ya eneo husika, wakajua kila duka linauza nini na linahitaji kupelekewa mara ngapi. Ndipo wakaweka kituo kimoja kihudumie eneo la kama kilomita moja kuzunguka, lenye maduka yanayofika 150 hivi. Kufikia mwisho wa 2008 walikuwa na vituo zaidi ya 2,500 barani Afrika, vikiwa vimeajiri watu zaidi ya 12,000. Wateja walikuwa wamejulikana kwa majina kabla kituo hakijafungua mlango.

Handeni si Kariakoo, na gari la tani tatu na nusu si mkokoteni. Ila kanuni ni ileile, na umbali unaifanya iwe kali zaidi.

Tuchukue duka la jumla la vyakula lililopo Manundu, Korogwe, linalotaka kupeleka mzigo Handeni mjini. Barabara ya lami ni kilomita 65, kwenda na kurudi 130. Canter ikitumia lita moja kwa kilomita sita, safari inakula lita 22. Tuseme mafuta ni shilingi 65,000, dereva na utingo 35,000, na 20,000 ziwekwe kwa ajili ya tairi, oili na matengenezo. Safari moja imefika 120,000.

Sasa upande wa mapato. Sukari, unga wa ngano na mafuta ya kula ni bidhaa za faida nyembamba. Duka likichukua mzigo wa 250,000 na ukabakiwa na asilimia 3, umepata 7,500. Gawanya 120,000 kwa 7,500, unapata 16. Maana yake maduka 16 yenye oda ya kiasi hicho ndiyo yanayolipa safari tu, na faida inaanza na duka la 17. Ukipata mzigo wa kurudi nao, mathalani mtu wa mahindi akakulipa 40,000 umletee magunia yake Korogwe, inabaki 80,000 ya kufidia na maduka 11 yanatosha.

Weka hesabu zako mwenyewe humo, lakini usimwambie mtu yeyote kwamba unafungua Handeni kabla hujaijua namba yako. Ndiyo itakayokuambia utangaze wapi. Anayetangaza "Handeni yote na Kilindi" anapokea simu ya oda moja kutoka Songe na nyingine kutoka Kwamsisi, na Canter haiwezi kuzifuata zote mbili kwa siku moja, achilia mbali wakati wa masika njia za vumbi zinapokatika. Anayetangaza Chanika, sokoni na maduka ya kandokando ya lami anaweza kusimama mara 16 na kurudi Korogwe kabla ya giza.

Wiki ya kwanza ni ya daftari. Mtu wako azunguke duka kwa duka bila kuuza kitu. Aandike jina la duka, simu ya mwenye duka, bidhaa tano zinazotoka haraka, siku anayoagiza, anakochukua mzigo, na kama anachukua kwa taslimu au mali kauli. Hilo la mwisho ndilo linalofichwa, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Maduka mengi madogo yana deni kwa muuzaji wao wa jumla. Wanachukua leo, wanalipa wakirudi kuchukua tena. Mwenye duka wa namna hiyo atakusifia bei, atachukua kadi yako, atakuambia "nitakupigia", na hatapiga. Bei yako haina tatizo. Tatizo ni kwamba akihamia kwako, yule anayemdai atataka hela yake yote kwa mara moja. Utamtambua kwa ishara moja: anauliza bei ya kila kitu lakini haulizi gari linapita lini. Anayetaka mzigo huuliza siku.

Usishindane kwa kumkopesha mtu usiyemjua. Mwombe oda ndogo ya kile anachoishiwa katikati ya wiki, siku ambazo muuzaji wake hamfikii. Handeni hupata mzigo pia kwa njia ya Mkata, kilomita 54 kutoka barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, na wenye mitaji huagiza Dar es Salaam moja kwa moja. Bei ya mifuko mia ya Dar huwezi kuishinda ukiwa Korogwe. Lakini mwenye duka anayehitaji mfuko mmoja wa sukari na dumu moja la mafuta siku ya Jumanne hana wa kumletea. Yeye hufunga duka akaenda mwenyewe, au humlipa bodaboda. Huyo ndiye mteja wako wa kwanza, na nauli anayoiokoa ndiyo faida unayomuonyesha.

Wiki ya pili ndipo utangaze. Karatasi moja inatosha, na maneno yaleyale yaende kwa ujumbe wa simu kwa wale walioridhia kukupa namba:

"Kuanzia Jumanne ijayo tunakuletea mzigo wa jumla hadi dukani kwako, Handeni mjini. Sukari kilo 50, unga wa ngano kilo 25, mafuta ya kula lita 20, sabuni, chumvi. Bei zilizoandikwa hapa hazibadiliki hadi Jumamosi ya wiki hiyo. Unaweza kuchanganya bidhaa. Oda mwisho Jumatatu saa 10 jioni. Unahesabu mzigo kwanza, kisha unalipa taslimu au kwa lipa namba. Kilichopasuka tunarudi nacho."

Humo hamna "bei nafuu" wala "huduma bora", maana mwenye duka hawezi kuagiza kwa maneno hayo. Anaagiza kwa bei anayoijua, siku anayoijua na saa anayoijua. Saa ya mwisho ya oda inamsaidia kuamua leo, nawe inakupa usiku wa kupanga Canter ili duka la mwisho liingizwe kwanza na la kwanza likae mlangoni.

Karatasi haiuzi peke yake. Nimewahi kusimama kwenye duka moja Chanika nikamtazama kijana wa mauzo akiifanya kazi hii vizuri. Alimwamkia mama mwenye duka, akaacha amalize kumpimia mteja sukari, kisha hakuuliza kama anataka kununua. Aliuliza:

"Mama, mfuko huo wa sukari utakufikisha lini?"

"Alhamisi haufiki, mwanangu."

"Basi Jumanne nikushushie mmoja. Na mafuta?"

"Mafuta yapo. Niletee sabuni katoni moja, hizo za kipande zimeisha."

Akafungua kitabu chake cha nakala mbili, akaandika mfuko mmoja na katoni moja pamoja na bei, akamsomea, akachana nakala moja akampa. Mama aliibana chini ya mzani. Mazungumzo hayakufika dakika tano. Tayari palikuwa na oda, kwa sababu swali lilihusu rafu yake badala ya kampuni ya kijana.

Jumatatu mchana pigia simu kila aliyeandikwa. Ujumbe hautoshi. Msomee oda yake umuulize kama kuna la kuongeza. Wapo watakaojitoa, na ni heri wajitoe kwa simu kuliko Canter ikiwa imeshafika mlangoni. Saa 10 jioni hesabu oda. Zikiwa chini ya namba yako, usighairi safari ya kwanza. Kodi nafasi kwenye gari jingine linalokwenda Handeni, au beba mzigo wa mtu kufidia mafuta, lakini fika. Wenye maduka wa mji mmoja wanajuana, na Jumanne ya kwanza ambayo hukutokea itasimuliwa sokoni kabla ya jioni.

Bidhaa ikikosekana, sema kabla gari halijaondoka Korogwe. Ukifika hesabu mzigo mbele ya mwenye duka, mpe risiti ya EFD, na kabla hujapanda gari andika oda ya Jumanne inayofuata. Hapo amekuona umetimiza, na hakuna saa nyingine wiki nzima atakayokusikiliza kama hiyo.

Oda ya kwanza isikulevye. Wengine huagiza kwa kukujaribu, wengine kwa kukuonea haya. Kipimo ni Jumanne ya nne. Hesabu walioagiza angalau mara tatu bila kukosa malipo. Wakifika namba yako, una ruti. Wakipungua, rudi kwa walioacha uwaulize sababu ana kwa ana. Ukisikia bei, punguza bidhaa ubaki na zile unazoziweza. Ukisikia siku, pengine gari linafika siku moja baada ya gulio wakati mzigo ulitakiwa siku moja kabla.

Wapo watakaosema mwenye duka hamwamini mtu asiye na mlango, kwamba fremu ndiyo inayoonyesha hukuja kupita. Wasiwasi huo ni wa haki, kwa sababu mteja anataka kujua unga wenye wadudu ataurudishia nani. Mjibu kwa mtu mmoja yuleyule kila wiki, simu inayopokelewa, na kurudisha kweli kilichoharibika. Zipo pia biashara ambazo ruti ya mara moja kwa wiki haizifai kabisa: mkate, maziwa, vipuri vya pikipiki ambavyo fundi anavitaka sasa hivi. Hizo zinahitaji stoo palepale.

Kwa vyakula vya jumla, fremu ya Handeni ina maana siku Canter moja kwa wiki inaposhindwa kubeba oda zilizopo, na watu wa Kilindi wanapoanza kuja Chanika wenyewe kuulizia gari lako. Siku hiyo utakodi stoo ukijua ni mifuko mingapi itatoka wiki ya kwanza na kwa nani. Majina yao yatakuwa yameshaandikwa kwenye kitabu cha oda, na kodi ya miezi sita utailipa kwa faida ya ruti badala ya mtaji.