KONA YA KOMPYUTA: Modeli ya lugha kwenye laptopu isiyo na mtandao

Wazazi na wanafunzi wanatuuliza kama ile kompyuta inayojibu maswali na kutunga mazoezi inaweza kufanya kazi bila vocha ya intaneti. Inaweza. Mtandao unahitajika mara moja tu, siku ya kushusha faili. Kinachoamua baada ya hapo ni ukubwa wa faili na memori ya laptopu, ile mnayoiona kwenye skrini kama RAM.

Tuchukue laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 8. Modeli ya lugha ni rundo la namba. Ile ya Llama 3.2 iliyotoka mwaka 2024, saizi inayoitwa 3B, ina namba kama bilioni 3.2. Zikitunzwa kwa biti 16 kila moja, faili linakuwa GB 6.4. Hapo Windows yenyewe imeshakula GB 2 au 3, basi haliingii.

Ndiyo maana namba zinafupishwa. Sisi walimu tunaelewa haraka: badala ya kuandika mtoto amepata 67.38, unampa daraja. Kwa biti 4 kuna madaraja 16 tu, lakini kila kikundi cha namba 32 kinapewa kipimo chake, kwa hiyo hasara si kubwa. Faili linashuka hadi GB 2 hivi. Kwenye jina lake mtaona Q4_K_M, na mwishoni .gguf. Msishawishike na Q2 kwa sababu ni ndogo zaidi. Modeli ndogo ikibanwa hivyo inaanza kurudia sentensi moja na kukosea hata hesabu nyepesi.

Kuna modeli nyingine za 7B, baadhi kwa Q4 ni karibu GB 4.4. Hapo wengi wanakwama hata kabla ya kuanza: fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno wakati fleshi ina nafasi tele. Ipangeni upya kwa exFAT, ila kwanza toeni vitu vyenu, maana vyote vinafutika.

Programu tunayotumia ni llama.cpp, ni ya bure, ilianza mwaka 2023. Ukishaiweka pamoja na faili kwenye folda moja, fungua dirisha la amri hapo hapo, andika:

```
llama-cli -m Llama-3.2-3B-Instruct-Q4_K_M.gguf -c 2048 -t 2
```

Hiyo -t 2 ni kwa prosesa yenye kori mbili. Hiyo -c ndiyo msiisahau. Ni urefu wa mazungumzo ambayo modeli inakumbuka, na yenyewe inakula RAM: vipande vya maneno 2,048 vinachukua kama GB 0.23. Modeli hii inaweza kufika vipande 131,072, lakini hapo ingetaka GB 15 za kukumbuka tu! Dalili ya RAM kujaa ni taa ya diski kuwaka bila kupumzika na neno moja kutoka baada ya sekunde nyingi. Funga kivinjari na programu nyingine, au punguza -c.

Kuhusu mwendo, tusidanganyane. Ili kutoa kipande kimoja cha neno, kompyuta inasoma faili lote. Kadi moja ya RAM ya DDR3-1600 inasoma GB 12.8 kwa sekunde. Gawanya kwa 2, unapata vipande 6, na kwa kweli vinapungua hapo. Kadi ya pili ikiwekwa kwenye nafasi yake, njia zinakuwa mbili. Hiyo inasaidia kuliko kubadilisha diski. Na Kiswahili kinakwenda polepole zaidi, kwa sababu maneno yetu yanakatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza.

Jambo hili wazazi walisikie vizuri. Waliotengeneza Llama 3.2 walitaja lugha nane inazozimudu. Kiingereza na Kifaransa zimo, Kiswahili hakimo. Itakujibu kwa Kiswahili, tena bila kusitasita, hata pale inapobuni. Basi sisi hatuiulizi mambo ya kichwani mwake. Tunaandika aya ya kitabu cha Kiingereza cha darasa la sita, tunaomba maswali matano yanayojibika humo humo, kisha mwalimu anayasoma moja moja kabla hayajafika ubaoni. Swali ambalo jibu lake halimo kwenye aya tunalifuta. Dozi ya dawa, tafsiri ya karatasi za mahojiano na barua za kesi, hapana. Peleka kwa mganga, au kwa mkalimani.

Mwenye laptopu ya GB 4 atafute saizi ya 1B, ambayo kwa Q4 haifiki GB 1. Ni ya sentensi fupi fupi tu. Njooni na chaja, maana wakati wa kujibu prosesa inafanya kazi kwa nguvu zote na betri ya zamani haichukui muda kuisha.