Nambari za Kompyuta Baada ya Kushindwa Sataranji

Jamaa zetu walioko Kianjai, katika barabara itokayo Meru kwenda Maua, wametuletea karatasi ya mchezo wa sataranji aliocheza mwana wao na kushindwa. Ubavuni mwa kila hatua kijana amenakili nambari aliyopewa na injini ya sataranji katika simu ya baba yake, na chini yake ameandika uamuzi wake: kwamba ameangamia katika hatua ya 23, na kwa hiyo atauacha ufunguzi wote anaoucheza na kujifunza mwingine kabla shule hazijafunguliwa. Muda alio nao ni wiki tatu. Baba yake anatuuliza kama uamuzi huo ni sahihi. Tumeuchezea mchezo huo ubaoni hatua kwa hatua, na tunaona kwamba kijana hakukosea kunakili nambari, ila amezisoma kama mtu asomaye bei sokoni, kwamba kubwa ni kubwa na ndogo ni ndogo.

Tuanze na nambari yenyewe. Injini inayotumika zaidi ni ile iitwayo Stockfish, na ndiyo iliyomo katika ukumbi wa bure wa Lichess ambao kijana huyu anautumia. Nambari yenye alama ya kujumlisha humaanisha upande mweupe una nafuu, na yenye alama ya kutoa humaanisha nafuu ni ya upande mweusi. Kijana wetu alicheza na kete nyeusi, basi kwake kila nambari iliyopanda ilikuwa habari mbaya. Zamani +1.00 ilifahamika kuwa nafuu yenye thamani ya kitunda kimoja, yaani yule askari mdogo wa mbele, na vitabu vingi vingali vikisema hivyo. Lakini tangu toleo la 15.1, lililotoka Desemba 2022, watengenezaji wa Stockfish wameipima upya: +1.00 ni hali ambayo injini ikicheza dhidi ya nafsi yake ina nusu ya nafasi ya kushinda. Msomaji azingatie maneno hayo, injini dhidi ya injini. Vijana wawili wa shule wanaosahauliana farasi ubaoni hawamo katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana Lichess huibadilisha nambari hiyo iwe sehemu ya mia ya matarajio, kwa kanuni iliyotolewa katika michezo ya watu wa kiwango cha 2300 hivi, ambao ni wachezaji hodari sana. Kwa kanuni hiyo, 0.00 ni 50 kwa 50. Mwenye nafuu ya 1.00 ana 59 tu, mwenye 3.00 ana 75, mwenye 9.00 ana 96, na mwenye 12.00 ana karibu 99. Hapo msomaji ataona jambo ambalo kijana hakuliona: kuanguka kutoka sifuri hadi tatu kunamnyang'anya mtu robo nzima ya matarajio yake, ilhali kuanguka kutoka tisa hadi kumi na mbili, ambako ni tatu ile ile, kunamwondolea mbili au tatu kati ya mia. Aliyekwisha kuzama maji ya kifuani hajali sana yakifika shingoni, lakini aliyekuwa nchi kavu ana haki ya kuuliza ameingiaje baharini.

Basi tuirudie karatasi ya Kianjai. Injini imeweka alama nzito mahali patatu.

Katika hatua ya 23 kijana alipoteza kitunda, na nambari ikapanda kutoka +0.2 hadi +1.4. Hapo ndipo alipopiga msitari mwekundu. Kwa hesabu tuliyoieleza, matarajio yake yalishuka kutoka 48 hadi 37. Ni hasara, hatusemi siyo, lakini mtu mwenye 37 hajafa. Tena kosa lenyewe halikutoka katika ufunguzi. Baada ya hatua kumi na mbili za mwanzo nambari ilikuwa +0.3, nayo ni nafuu ya kawaida ya anayeanza, isiyo na uzito kwa wachezaji wa kiwango chake. Kitunda kilipotea kwa sababu alisogeza ngome iliyokuwa ikikilinda. Kujifunza ufunguzi mpya hakutamzuia kusogeza ngome hiyo katika mchezo ujao.

Katika hatua ya 31 nambari ilikuwa −2.1, kwa kuwa mpinzani naye alikuwa ametoka kukosea, na kijana akajibu kwa hatua iliyoirejesha kwenye 0.0. Karatasi yake haina neno lolote hapo. Yaelekea aliiona sifuri akasema moyoni, "salama." Kumbe matarajio yake yalishuka kutoka 68 hadi 50, anguko kubwa kuliko lile la hatua ya 23 alilolilia. Hata hivyo hapa sisi tunatofautiana na injini. Tulipofungua msitari wa hatua iliokuwa ikiusifu, tulikuta ushindi huo unapatikana kwa kutoa askofu bure na kungoja hatua tisa ndipo faida ionekane. Kipimo chetu katika mambo haya ni chepesi: ikiwa sababu ya hatua bora yaweza kuelezwa kwa sentensi moja, hiyo ni somo la mchezaji. Isipoelezeka, ni habari ya injini, na kijana wa miaka kumi na minne hana deni nayo. Tumeiacha.

Mahali pa tatu ni hatua ya 52, na hapo ndipo mchezo ulipopotea. Tangu hatua ya 44 nambari ilikuwa 0.00 mfululizo, na kijana ameandika pembeni, "hapa hakuna kitu." Kisha ghafla ikatokea alama ya mati, naye akaieleza kwa neno moja, "haraka." Tunamwomba msomaji atoe ubao, kwani hali yenyewe ina kete tatu tu. Kwa wasiozoea maandishi haya, safu za wima huitwa kwa herufi a mpaka h kutoka kushoto kwa mweupe, na za ulalo huhesabiwa 1 mpaka 8 kutoka upande wake. Mfalme mweupe yuko e5, kitunda cheupe kiko e6, na mfalme mweusi yuko e7. Ni zamu ya mweupe, naye anakwenda d5.

Mweusi ana hatua nne tu zinazoruhusiwa: d8, e8, f8 na f6. Kijana alikwenda d8, akidhani kwamba yuko mbele ya mfalme wa mwenziwe na amemzuia. Mweupe akaja d6. Mweusi hana pa kwenda illa arudi e8, la sivyo kitunda kipite. Kitunda kikasogea e7, na tazama, hakikumpiga mfalme shahi, kwa sababu kitunda hupiga kwa pembeni. Mweusi sasa ni lazima asogee, na nyumba iliyobaki ni f7 peke yake. Mfalme mweupe akaingia d7, na hatua ifuatayo kitunda kikawa malkia.

Laiti angerudi moja kwa moja e8! Mweupe akija d6, mweusi huenda d8, uso kwa uso. Kitunda kikisogea e7, safari hii kinatoa shahi, mweusi anarudi e8, na mweupe amebaki na shari mbili: ama akilinde kitunda kwa kwenda e6, na mweusi hana hatua yoyote wala hayuko katika shahi, nayo ni sare, ama akiache kitunda kiliwe, nayo pia ni sare. Siri yote imo katika neno hilo la shahi. Kitunda kikifika safu ya saba bila kupiga shahi, mweusi hupoteza. Kikifika kwa shahi, huokoka. Sababu imeelezeka kwa sentensi moja.

Hapa pia nambari hubadilika tabia. Katikati ya mchezo, +1.4 ni makisio, na ukiiacha simu ifikiri zaidi yaweza kuwa +0.9 au +1.8. Lakini zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakiwamo, majibu yamekwisha kuhesabiwa yote na kuwekwa katika majedwali yaitwayo Syzygy, ambayo Lichess huyaonyesha. Kwa kete tatu za ubao huu, neno "sare" si maoni ya mtu wala ya mashine. Ni hesabu iliyofungwa. Ila inasema sare kwa anayecheza sawasawa, na katika hatua nne alizokuwa nazo kijana, tatu zilikuwa za kushindwa.

Sifuri, basi, ni za namna mbili, na kuzipambanua ni rahisi kuliko watu wadhanivyo. Katika mpangilio wa injini kuna mahali pa kuchagua idadi ya misitari ionyeshwe. Wengi huiacha kwenye mmoja. Iwekwe mitatu. Misitari yote mitatu ikisoma 0.00, au 0.00 na +0.1 na +0.2, hiyo ni sifuri ya mchana kweupe, na mtu aweza kutembea apendavyo. Msitari wa kwanza ukisoma 0.00 na wa pili ukaonyesha mati au nambari kubwa, hiyo ni sifuri ya kupita juu ya ulalo wa mnazi mmoja. Katika mchezo huu, hatua za 44 mpaka 49 zilikuwa za namna ya kwanza, na ya 52 ilikuwa ya namna ya pili. Injini inayoonyesha msitari mmoja iliziandika zote kwa sifuri ile ile.

Tumemrudishia kijana karatasi yake, na tumemwandikia hivi. Ufunguzi wako usiuguse. Mchezo ujao, kabla ya kuwasha injini, andika kwa kalamu ni wapi ulipodhani umeharibu na ulikuwa ukiwaza nini, maana ukishaiona nambari hutaweza tena kukumbuka mawazo yako mwenyewe. Kisha washa misitari mitatu, uiache kila hali muhimu kwa nusu dakika nambari itulie, na utafute anguko la kwanza lililoondoa kumi na tano au zaidi katika mia ya matarajio yako, ukilipita lile usiloweza kulieleza.

Na zile wiki tatu, atenge jioni moja na baba yake kwa zile kete tatu. Baba ashike weupe, kwanza akienda d5 na mara nyingine f5, kwani upande wa pili mambo ni yale yale kama katika kioo. Baadaye wabadilishane pande, ili kijana naye aone jinsi kitunda kinavyopita pale mweusi anaporudi vibaya.