Kurudisha Pesa ya Kastoma Sio Ushamba

Wiki jana besti yangu aliitwa mjinga na wauzaji wenzake, na kosa lake ni meseji moja tu aliyomwandikia kastoma. Nimeisoma hiyo meseji mara kama tano hivi, na bado sioni ujinga. Ninachoona ni wasee wamezoea kukaa na doo za watu hadi wanashtuka mtu akizirudisha.

Stori iko hivi. Besti yangu ana stoli ndogo ya raba katikati ya jiji hapa Nairobi, ile ya kugawana na wasichana wengine watatu, kila mtu na ukuta wake. Kastoma wa Kakamega aliagiza raba nyeupe, saizi 40, kwa bei ya 2,800. Akaongeza 300 za kutuma, jumla 3,100, na zote akalipa kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka. Jumanne mchana raba zikapelekwa kwenye ofisi ya mizigo ya basi na risiti ikakatwa. Jumatano kastoma akaenda kuchukua akaambiwa haijafika. Alhamisi vilevile. Ijumaa besti yangu akaenda mwenyewe ofisi ya Nairobi, wakapekua kitabu, wakapiga simu Kakamega, na mwishowe jamaa akakubali kwamba mzigo haujulikani uko wapi. Kuondoka, uliondoka. Kufika, haukufika.

Akatoka pale akaandika hivi:

"Sasa mrembo. Raba zako niliziwasilisha kwa kuria Jumanne saa tisa, risiti ni hiyo kwenye picha. Leo nimeenda ofisini kwao na wamekubali kwamba mzigo umepotea. Sio kosa lako, na pole sana kwa kwenda stejini mara mbili bure. Naweza kukurudishia 3,100 zote leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa ile namba uliyolipia. Ama nikutumie pea nyingine. Nyeupe saizi 40 zimeisha, niko na nyeusi. Itatoka kesho asubuhi na kuria tofauti na hutaongeza kitu. Chagua unayotaka. Mambo ya kuria niachie mimi. Ile ya kwanza ikijitokeza, wasikulipishe, niambie tu."

Basi. Hiyo ndiyo meseji iliyoleta noma. Jirani yake wa stoli akamwambia, "Wewe ulishatuma. Mwambie aongee na kuria." Mwingine akasema ati anaharibia wengine soko, kastoma wakizoea hivyo watakuwa wanapoteza mizigo makusudi.

Twende na hiyo ya kwanza, "ongea na kuria". Buda, kastoma ataongea na kuria kama nani? Risiti ina jina la muuzaji na namba yake ya simu, na aliyelipa kaunta ni muuzaji. Dada wa Kakamega akiingia pale ofisini bila risiti ataulizwa tu, "Nani alikutumia? Mwambie apige." Yaani unamrudisha kwako kwa kumzungusha, ukijua vizuri kwamba akichoka atanyamaza. Hapo wala usiseme unamwelekeza kastoma. Unangoja achoke.

Najua kuna wajuaji watakuja na sheria, na enyewe hapa wana kitu. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba muuzaji akikabidhi mzigo kwa msafirishaji kwa niaba ya mnunuzi, kwa kawaida inahesabiwa kama amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Wauzaji wengi wameisikia hiyo sehemu na wanaipenda sana. Sehemu inayofuata hawaitaji kabisa: muuzaji anatakiwa afanye makubaliano ya maana na huyo msafirishaji, kulingana na aina ya mzigo. Asipofanya hivyo na mzigo upotee, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa. Halafu hiyo ni kawaida tu, kama hamkukubaliana kitu kingine. Kama wewe kwenye ukurasa wako umeandika "tunafikisha popote Kenya", umeahidi kufikisha. Hukuahidi kuacha mzigo stejini na kuuombea safari njema.

Na hapo kwa "makubaliano ya maana" hata besti yangu aliteleza, nitasema ukweli. Nyuma ya ile risiti, kwa maandishi madogo kama ya pakiti ya dawa, imeandikwa kwamba mzigo ambao thamani yake haikutajwa ukipotea, fidia haizidi 1,000. Yeye alijaza "viatu" akaondoka. Angeandika 2,800 kwenye kile kisanduku cha thamani, angeongezwa 50 kwa nauli ya mzigo, na leo angekuwa anadai bei yake yote. Hilo ni kosa la muuzaji. Kastoma hakuwa kaunta, hakuona hiyo risiti, na hakuulizwa kama angependa kuongeza hiyo hamsini. Sasa kwa nini yeye ndiye abebe hasara?

Sasa tuje kwa hesabu, kwa sababu watu wanaongea ni kama alimwaga pesa barabarani. Raba alinunua kwa 1,700. Kama kila kitu kingeenda sawa, angebaki na faida ya 1,100. Akirudisha 3,100 zote, amepoteza zile raba za 1,700 na zile 300 alizolipa kuria, kwa hivyo ameumia 2,000. Akituma pea nyingine, anatoa raba zingine za 1,700 na 300 nyingine, lakini anabaki na 3,100 za kastoma. Ukijumlisha vizuri, hasara yake inakuwa 900 peke yake. Na kuria wakilipa ile 1,000 yao, hiyo hasara ya 900 inaisha na anabaki na mia moja mkononi.

Umeona? Kutuma tena kunamuuma muuzaji chini ya nusu ya kurudisha pesa. Ndiyo maana wauzaji wajanja, hata wale wanaojifanya wazuri, hukimbilia kusema "usijali dia nakutumia ingine" na neno refandi halitoki mdomoni kabisa. Inasikika kama wema. Lakini labda mtu alitaka raba za harusi ya Jumamosi na Jumamosi ishapita. Labda alitaka nyeupe na wewe umebaki na nyeusi. Labda amechoka na wewe tu, na hiyo pia ni haki yake. Kinachonifurahisha kwa hiyo meseji ni kwamba besti yangu aliijua hiyo hesabu, bado akaweka pesa mbele na pea ya pili nyuma, na akasema wazi kwamba rangi si ile.

Angalia pia alivyotaja 3,100. Hakusema 2,800. Kuna wauzaji watakurudishia bei ya kiatu halafu wakwambie "ya kutuma ilishaenda". Ilienda wapi na mzigo haukufika? Ulilipia raba zifike Kakamega. Hazikufika. Safari ambayo haikufika kwako huwezi kuuziwa.

Na akaweka saa. "Kabla ya saa kumi na mbili jioni." Wewe ambaye umeshawahi kudai pesa yako unajua maana ya "nitakurudishia". Ni wiki tatu za tiki mbili za bluu na statasi mpya za stoki mpya. Samahani ambayo haina kiasi na haina saa inanunua muda tu. Kuhusu kuria, hakuwatukana wala kuwalilia, alisema tu walichokubali na akaweka picha ya risiti. Kastoma hana haja ya kusikia vile wewe pia umeumizwa. Mtaongea hayo na kuria.

Sasa ile hoja ya pili, ya kastoma waongo. Hapa siwezi kujifanya sijui, wako. Mtu anachukua mzigo Ijumaa, Jumamosi anakuandikia "bado sijapata". Lakini hiyo ina dawa na dawa yake iko ofisini. Ofisi za mizigo zilizo makini zina kitabu cha kuchukulia: jina, namba ya kitambulisho, sahihi, saa. Besti yangu kabla hajaandika chochote aliomba picha ya ukurasa wa Kakamega wa Jumatano na Alhamisi. Mstari wa namba ya risiti yake haukuwepo kabisa, hata kwenye orodha ya mizigo iliyoshuka. Kama ungekuwepo na sahihi, stori ingekuwa nyingine, na angemtumia kastoma hiyo picha kwa heshima. Hiyo kazi ilimchukua asubuhi moja. Kwa hivyo usiniambie ati huwezi kujua nani anadanganya. Sema hutaki kutoka kwenye stoli.

Na nyinyi kastoma msidhani nawapigia makofi tu. Mzigo ukichelewa siku moja msianze kumwita mtu mwizi hadharani. Uliza namba ya risiti, jina la ofisi na siku mzigo uliondoka. Muuzaji wa kweli atakujibu hayo matatu kwa dakika mbili kwa sababu risiti iko mfukoni. Anayekupa emoji za kulia bila namba ya risiti, huyo sasa anza kumshuku, pengine mzigo haujawahi kutumwa. Hapo hifadhi meseji ya M-Pesa, piga picha mazungumzo yote, na ujue kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya mpaka milioni moja, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Sijasema ukimbie huko kwa sababu ya 3,100. Lakini kumkumbusha mtu kwamba ipo si matusi.

Kama unataka kujua iliishaje: dada wa Kakamega alichagua nyeusi. Zilifika Jumapili. Kuria bado hawajalipa ile elfu yao, wanasema meneja yuko likizo, na besti yangu huenda pale kila Jumatatu asubuhi na risiti yake mkononi. Kisanduku cha thamani sasa anakijaza kila mara. Jirani yake wa stoli bado anaandika "viatu".