Jina lako limo, ni PDF iliyolificha

Wapendwa wa Ukunda, Msambweni na Kwale yote, leo sina video. Nina msamaha wa kuomba, halafu nina maoni yangu, mkikasirika mtanisamehe na hayo.

Kazi yangu mwaijua. Ikitoka PDF ndefu yenye majina, mimi nakopi maandishi, nabandika kwenye posti, ili mtu wa Shimoni mwenye bando la shilingi ishirini asihangaike kupakua faili zima. Juzi ilitoka orodha ya basari, nikafanya vivyo hivyo. Ami yangu akanipigia: "Hebu niangalizie jina la mdogo wako." Jina lake la mwisho ni Khatib. Nikabonyeza Ctrl+F, nikaandika Khatib. Sifuri. Nikarudi kwenye PDF yenyewe, nikatafuta tena. Sifuri. Nikamwambia, "Ami, halimo." Akasema alhamdulillahi, akakata simu.

Siku mbili baadaye dogo akapita ofisi ya chifu kwa shughuli nyingine kabisa, akaiona orodha ile ile imebandikwa ukutani. Jina lake limo. Mwisho wa kupeleka barua ya shule ulikuwa kesho yake! Alipanda boda mbio mbio, akawahi. Lakini angekosa, muhula mzima ungekwenda na maji kwa sababu ya neno langu moja: "halimo".

Usiku ule nikayasoma maandishi niliyokopi, kwa macho sasa, mstari kwa mstari. Nikamkuta: KhaƟb. Juu yake, kwenye kichwa cha orodha: KaunƟ. Chini, kwenye masharti: cheƟ cha kuzaliwa. Kila palipokuwa na t ikifuatwa na i, pamekaa hilo dude. Nilipokuwa nabandika sikuliona, manake nani husoma PDF nzima kabla ya kuiposti? Mimi sikusoma.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini udadisi sikuuacha. Nilikesha nikitafuta sababu, na ni hii.

Sisi hudhani ndani ya PDF mna sentensi. Hamna. Mna maagizo ya kuchora: chukua umbo nambari fulani kutoka kwenye fonti, liweke hapa, sogea kidogo, weka lingine. Sasa, fonti zingine zina maumbo yaliyounganishwa kwa urembo. Badala ya t na i mbili mbali mbali, kuna umbo moja ambalo mkono wa t umeishika i. Calibri, ile fonti iliyojaa maofisini, inalo umbo hilo, na ndani ya fonti nambari yake ni 415.

Ili kompyuta ijue kwamba umbo hilo husomwa "ti", PDF inatakiwa ibebe jedwali dogo linaloitwa ToUnicode. Mstari wake mmoja huwa hivi:

```
<019F> <00740069>
```

Kushoto ni nambari ya umbo, 415 kwa hesabu ya kompyuta. Kulia ni herufi mbili, t na i. Programu iliyotengeneza PDF ikiuacha mstari huo, programu ya kusoma inabaki kubahatisha: inachukua 415 kana kwamba ni nambari ya herufi yenyewe. Na kwenye Unikodi, orodha ya herufi zote za dunia, nambari 415 ni Ɵ. Ndiyo hiyo KhaƟb.

Skrini na printa hazilihitaji jedwali hilo, zenyewe huchora tu. Ndiyo maana karatasi ya ukutani kwa chifu ilikuwa safi kabisa, huku faili lile lile likiniambia hakuna mtu kama huyo.

Herufi f na i zina kisa chao. Umbo lao la pamoja lina nafasi yake halali kwenye Unikodi, basi "ofisi" hutoka "oﬁsi", na hiyo ﬁ ni herufi moja, si mbili. Programu zingine za kutafuta zinaijua janja hiyo na zitakupatia. Zingine haziijui.

Haya ya herufi yana dawa. Kiswahili hakitumii Ɵ popote, kwa hivyo ukibadilisha kila Ɵ kuwa "ti" hutaharibu kitu. Shida yenyewe ni nafasi kati ya maneno.

PDF nyingi haziweki nafasi kama herufi. Husogeza tu kalamu. Tazama:

```
[(vijana)-250(wa)-250(kazi)] TJ
```

Hiyo -250 maana yake sogea kulia robo ya ukubwa wa fonti. Kwa fonti ya 12 ni kama milimita moja. Hakuna mahali palipoandikwa "hapa pana nafasi". Programu inayotoa maandishi ndiyo hupima pengo na kuamua. Pengo likiwa kubwa kuliko kipimo chake, inaweka nafasi. Likiwa dogo, inaunganisha. Sasa mtu akabana maneno ili yaenee kwenye safu nyembamba ya jedwali, mapengo yanashuka chini ya kipimo, na wewe unapata "vijanawakazi".

Haya, ikate hiyo. Ni vijana wa kazi, au vijana wakazi? Zote ni Kiswahili safi, na maana ni mbili tofauti. Mmoja anatafuta ajira, mwingine anaishi pale. Kompyuta haiwezi kujua, na hata mimi nisipoona karatasi yenyewe siwezi kukuapia.

Najua kuna watakaosema PDF ndiyo salama, haichezewi ovyo. Sawa, ibaki, na mhuri wake. Lakini majina hayo kabla ya kuwa PDF yalikuwa kwenye jedwali la kompyuta, kila jina kwenye kisanduku chake. Itoeni na hiyo pia. Na kabla ya kutuma PDF, mtu akopi mistari mitatu, aibandike kwenye meseji, aisome. Dakika moja haiishi. Akiona Ɵ, azime hayo maumbo ya kuunganisha kwenye mipangilio ya fonti, atoe PDF upya.

Wenye laptopu mwaweza kupima hivi:

```
pdffonts orodha.pdf
```

Tazama safu ya `uni`. Ikisema `no`, fonti hiyo haina jedwali la kusomea, usiamini utafutaji wake. Ikisema `yes` pia usilale, jedwali laweza kuwepo na mistari mibovu ndani.

Wa simu, fanyeni hivi: tafuta kipande cha jina kisicho na ti, fi, tt wala ft. Mimi ningeandika "Kha" peke yake, ningempata. Usitafute majina mawili kwa mpigo, nafasi ya katikati huenda haipo. Ukikosa bado, nenda kwenye kata yako au shule yako, soma kwa macho.

Kwa upande wangu, kuanzia leo hamtanisikia nikisema "halimo" kwa sababu ya Ctrl+F. Nitasema "sijaliona", kisha nitaangalia kwa macho. Na ule uzi wa basari nimeurekebisha. Kama uliniuliza nikakwambia hapana, rudi ukaangalie leo. Ami, nisamehe. Dogo, nauli ya boda nitakurudishia.